Nyongeza kwenye usajili: namna ya kupima kiwango chake na kujua kama kweli inapandisha mapato kwa kila akaunti

Mkuu wa mauzo anaripoti kwamba kiwango cha wateja waliochukua nyongeza fulani kimepanda kutoka asilimia 18 hadi asilimia 25 ndani ya miezi sita. Mhasibu, aliyeketi upande wa pili wa meza, anasema kwamba wastani wa mapato kwa kila akaunti haujasogea hata kidogo, na kwamba kwa kweli umepungua kwa shilingi chache. Hakuna anayedanganya. Mwongozo huu unaeleza jinsi takwimu hizo mbili zinavyoweza kuwa sahihi kwa pamoja, na hatua za kufuata ili kujua fedha zilikopotelea.

Mfano nitakaoutumia ni wa kubuni, ila nimeupanga ufanane na biashara nyingi ndogo za programu ninazozifahamu. Tuseme kuna kampuni ya Tanzania inayouza programu ya mauzo ya dukani kwa malipo ya kila mwezi. Kifurushi cha msingi ni shilingi 40,000 na kinaruhusu watumiaji wawili, yaani mwenye duka na muuzaji mmoja. Anayetaka kuongeza mtumiaji analipa shilingi 8,000 kwa mwezi kwa kila anayeongezwa. Anayetaka moduli ya Stoo, inayofuatilia mzigo ulioingia, uliotoka na uliobaki, analipa shilingi 15,000 zaidi kwa mwezi. Nyongeza ni hizo mbili tu, na zinatosha kuonyesha karibu kila kosa linalofanyika katika hesabu hii.

Hatua ya kwanza: amua akaunti ni nini na nyongeza ni nini

Kiwango cha nyongeza ni sehemu ya akaunti zinazolipa ambazo zina nyongeza fulani kwa tarehe fulani. Maana hiyo ni nyepesi, lakini ina maneno mawili yanayohitaji kukubaliwa kabla ya kufungua jedwali lolote.

La kwanza ni akaunti. Mfanyabiashara mwenye maduka matatu, anayelipa kwa ankara moja, ni akaunti moja au tatu? Jibu lolote linaweza kutetewa, lakini lichaguliwe moja na lisibadilishwe katikati ya mwaka. Katika mfano wetu akaunti ni mlipaji mmoja, haijalishi ana maduka mangapi. Ukihesabu kila duka kama akaunti, mlipaji aliyechukua Stoo kwa ajili ya duka lake kubwa pekee ataonekana kama mteja mmoja aliyekubali na wawili waliokataa, na wastani wako wa mapato utashuka bila mtu yeyote kupunguza malipo.

La pili ni nyongeza yenyewe. Ninashauri uhesabu kile tu kinachojirudia kila mwezi na ambacho mteja anaweza kukiondoa bila kuacha kifurushi cha msingi. Ada ya kufunga mfumo na mafunzo ya siku moja si nyongeza kwa maana hii, kwa sababu hulipwa mara moja tu. Kadhalika, meseji ambazo mteja ananunua anapotaka kuwatangazia wateja wake ofa za sikukuu zihesabiwe kando, kwa kuwa mwezi wa Desemba zitakupa kiwango cha kupendeza ambacho Februari hutakiona tena.

Kisha tofautisha nyongeza za namna mbili. Moduli ya Stoo ni ya ndiyo au hapana: akaunti ama inayo ama haina. Mtumiaji wa ziada ni wa kuhesabika: akaunti inaweza kuwa na mmoja, watatu au kumi. Kwa nyongeza ya namna ya kwanza, kiwango pekee kinatosha. Kwa ile ya pili kiwango ni nusu tu ya habari, kwa sababu akaunti iliyoongeza mtumiaji mmoja na iliyoongeza sita zote zinahesabiwa kama moja. Nusu iliyobaki nitaiita kina: wastani wa idadi ya watumiaji wa ziada kwa kila akaunti iliyo na angalau mmoja.

Hatua ya pili: safisha kumbukumbu za malipo

Hesabu ifanywe kutoka kwenye mistari ya ankara zilizolipwa, si kutoka kwenye orodha ya moduli zilizowashwa ndani ya programu. Tofauti ya vyanzo hivi viwili ni kubwa kuliko watu wanavyodhani, hasa kwetu ambako wateja wengi hulipa wenyewe kila mwezi kwa pesa za simu badala ya kadi ya benki inayokatwa yenyewe. Mteja mwenye ankara ya shilingi 63,000 anaweza kutuma 48,000 tu, akakupigia simu na kusema, "Stoo tutaongea mwezi ujao." Iwapo hakuna aliyeizima moduli, mfumo utaendelea kumhesabu kama mteja wa Stoo, na kiwango chako kitapanda kwa watu wasiolipa.

Ondoa Kodi ya Ongezeko la Thamani kabla ya kufanya lolote. Kwa Tanzania Bara kiwango chake cha kawaida ni asilimia 18, na ukichanganya miezi yenye kodi na isiyo na kodi ndani ya jedwali moja, utaona ukuaji ambao haukuwapo. Aliyelipa mwaka mzima kwa mkupuo agawiwe kwa 12. Nyongeza zilizotolewa bure kwa ofa au kwa majaribio zitengwe kabisa. Mteja aingie kwenye kiwango siku anapolipa kwa mara ya kwanza kwa hiari yake. Ankara za marejesho nazo ziwe na sehemu yake.

Kama mistari ya ankara ipo kwenye hifadhidata, swali fupi kama hili linatosha kutoa takwimu tano zinazohitajika:

```sql
SELECT
  COUNT(DISTINCT akaunti_id) AS akaunti_zote,
  COUNT(DISTINCT CASE WHEN bidhaa = 'STOO'
        THEN akaunti_id END) AS zenye_stoo,
  COUNT(DISTINCT CASE WHEN bidhaa = 'MTUMIAJI'
        THEN akaunti_id END) AS zenye_mtumiaji,
  SUM(CASE WHEN bidhaa = 'MTUMIAJI'
      THEN idadi ELSE 0 END) AS watumiaji_wa_ziada,
  SUM(kiasi) AS mapato
FROM mistari_ya_ankara
WHERE mwezi = '2025-01' AND kiasi > 0;
```

Sharti la `kiasi > 0` ndilo linalowaacha nje watumiaji waliotolewa bure. Usilifute, litatufaa sana mbele.

Hatua ya tatu: unganisha kiwango na wastani wa mapato

Januari kampuni yetu ina akaunti 500 zinazolipa. Akaunti 90 zina Stoo, kwa hiyo kiwango cha Stoo ni asilimia 18. Akaunti 125 zina angalau mtumiaji mmoja wa ziada, yaani asilimia 25, na kwa jumla zina watumiaji wa ziada 300, hivyo kina ni 2.4. Wastani wa mapato kwa akaunti unaandikwa hivi:

```
wastani = bei_msingi
        + kiwango_stoo × bei_stoo
        + kiwango_mtumiaji × kina × bei_mtumiaji

Januari = 40,000
        + 0.18 × 15,000
        + 0.25 × 2.4 × 8,000
        = 40,000 + 2,700 + 4,800 = 47,500
```

Ukitaka kuhakikisha, jumlisha upande wa pili: msingi unaleta 20,000,000, Stoo inaleta 1,350,000, watumiaji wa ziada wanaleta 2,400,000. Jumla ni 23,750,000, na ukiigawa kwa 500 unapata 47,500. Njia hizi mbili zisipokubaliana, kuna punguzo, ankara ya marejesho au bei ya zamani uliyoisahau, na usiendelee mbele mpaka uipate.

Angalia jambo ambalo fomula inalionyesha na ambalo macho hayalioni haraka. Stoo ina bei karibu mara mbili ya mtumiaji mmoja, na ndiyo inayosifiwa kwenye vikao, lakini mchango wake kwa kila akaunti ni 2,700 dhidi ya 4,800 za watumiaji. Kinachowapa watumiaji uzito huo ni kina. Kila asilimia moja ya kiwango cha Stoo ina thamani ya shilingi 150 kwa kila akaunti. Kila asilimia moja ya kiwango cha watumiaji, kina kikibaki 2.4, ina thamani ya shilingi 192. Mabadiliko ya kina kwa 0.1 tu, kiwango kikibaki asilimia 25, yana thamani ya shilingi 200. Kwa maneno mengine, kuwapoteza watumiaji wachache ndani ya akaunti kubwa kunaweza kufuta kampeni nzima ya Stoo bila kiwango chochote kuonyesha dalili ya kutisha.

Hatua ya nne: changanua mabadiliko kati ya mwezi mmoja na mwingine

Juni akaunti zimefika 600. Zenye Stoo ni 150, sawa na asilimia 25. Zenye watumiaji wa ziada ni 138, sawa na asilimia 23, na watumiaji wenyewe ni 276, kwa hiyo kina kimeshuka hadi 2.0. Wastani sasa ni 40,000 + 3,750 + 3,680, yaani 47,430. Kampuni imeongeza akaunti 60 zenye Stoo na wastani wake umepungua kwa shilingi 70.

Changanua kipande kimoja kimoja. Stoo imeongeza 1,050 (kutoka 2,700 hadi 3,750). Watumiaji wamepunguza 1,120 (kutoka 4,800 hadi 3,680). Hicho kipande cha pili kinagawanyika tena. Kushuka kwa kiwango kutoka asilimia 25 hadi 23, ukitumia kina cha zamani, kunachukua shilingi 384, na kushuka kwa kina kutoka 2.4 hadi 2.0, ukitumia kiwango kipya, kunachukua shilingi 736. Thuluthi mbili za hasara ya watumiaji, basi, hazitokani na akaunti kukosa watumiaji wa ziada, bali zinatokana na akaunti zilizo nao kuwa na wachache. Ripoti inayoonyesha kiwango peke yake isingeiona sehemu hiyo kabisa.

Hatua ya tano: tenga waliokuwapo na waliokuja

Hapa ndipo watu wengi wanaposimama mapema mno na kuanza kulaumu bei. Kabla ya kulaumu, gawanya akaunti 600 za Juni katika makundi mawili: 480 zilizokuwapo tangu Januari, kwa maana 20 ziliondoka, na 120 zilizojiunga baadaye.

Akaunti 480 za zamani zina Stoo 138 na watumiaji wa ziada 270. Mapato yake ni 23,430,000, na wastani ni shilingi 48,812. Akaunti 120 mpya zina Stoo 12 na watumiaji wa ziada 6 tu. Mapato yake ni 5,028,000, na wastani ni 41,900. Sura ya mambo imebadilika: wateja wa zamani wanalipa zaidi, na wastani wa jumla unavutwa chini na wageni ambao bado hawajanunua chochote zaidi ya msingi.

Tahadhari moja ni muhimu hapa. Usilinganishe 48,812 ya Juni na 47,500 ya Januari, kwa sababu zile 500 za Januari zinajumuisha 20 zilizoondoka. Rudi kwenye ankara za Januari za akaunti zilezile 480. Katika mfano wetu, 20 zilizoondoka zilikuwa zikilipa jumla ya 925,000, kwa hiyo zilizobaki zilikuwa zikilipa 22,825,000, sawa na wastani wa 47,552. Ukuaji halisi wa wateja walewale ni shilingi 1,260 kwa akaunti. Hapa tofauti ya njia mbili ni ndogo, lakini walioondoka wakiwa ni wale wasio na nyongeza, wastani wa waliobaki utapanda bila mtu kununua kitu, na kuna mameneja waliopongezwa kwa kupoteza wateja wadogo.

Kuhusu wageni, asilimia 10 ya Stoo dhidi ya karibu asilimia 29 ya wazee haimaanishi kwamba ni wateja dhaifu. Aliyejiunga Mei hajapata hata muda wa kuhesabu mzigo wake mara mbili. Kipimo cha haki ni cha umri uleule: chukua kila kundi la waliojiunga mwezi mmoja na uangalie kiwango chao siku ya 90 tangu malipo ya kwanza, kisha linganisha kundi la Januari na la Februari na la Machi. Kwa akaunti 120 zilizogawanyika katika miezi mitano, kila kundi lina akaunti kama 24, na akaunti moja tu inabadilisha kiwango kwa asilimia 4. Kwa wingi huo usitangaze mwelekeo wowote; unganisha miezi mitatu mitatu na usubiri.

Hatua ya sita: tafuta nyongeza inayokula nyongeza nyingine

Lipo bado swali la wazee. Januari watumiaji wa ziada walikuwa 300 na sasa ni 270. Fuatilia kila mmoja alikokwenda, akaunti kwa akaunti; kwa akaunti mia chache kazi hii inafanyika asubuhi moja kwenye jedwali la Excel. Katika mfano wetu daftari linasema hivi: watumiaji 10 waliondoka pamoja na akaunti zilizofungwa, 16 wapya waliongezwa, na 36 waliondolewa na akaunti ambazo mwezi uleule zilinunua Stoo.

Hao 36 ndio kiini. Machi kampuni ilitoa ofa: anayechukua Stoo anapewa mtumiaji mmoja bure, ili mtunza stoo apate jina lake la kuingilia. Wazo halikuwa baya. Lakini mteja aliyekuwa tayari akimlipia mtumiaji wa tatu alifanya hesabu ambayo mwenye duka yeyote angeifanya: alimhamishia yule aliyekuwa akimlipia kwenye nafasi ya bure, akaacha kumlipia. Kwa kuwa nafasi ya bure ina kiasi cha sifuri kwenye ankara, swali letu la hatua ya pili linamwona ametoweka, na hivyo ndivyo ilivyo kwa upande wa fedha.

Sasa hesabu thamani halisi ya mauzo ya Stoo. Kati ya akaunti 52 za zamani zilizonunua Stoo katika kipindi hicho, 36 zilikuwa na mtumiaji wa kulipia wa kuondoa, na 16 hazikuwa naye. Zile 16 zinaleta shilingi 15,000 kila moja, jumla 240,000. Zile 36 zinaleta 15,000 na kuondoa 8,000, kwa hiyo kila moja inaongeza 7,000, jumla 252,000. Mauzo yaliyoripotiwa kuwa 780,000 kwa mwezi ni 492,000 yakihesabiwa kwa uaminifu, na kila mnunuzi wa Stoo ana thamani ya takriban 9,460, si 15,000.

Kutoka hapo unaweza kuuliza swali linaloamua hatima ya ofa: ni wanunuzi wangapi wangehitajika bila ofa ili kupata fedha zilezile? Gawanya 492,000 kwa 15,000 upate 32.8. Ikiwa akaunti 33 kati ya hizo 52 zingenunua Stoo hata bila kupewa mtumiaji, ofa haikuleta kitu. Hutajua jibu kwa uhakika, lakini unaweza kulikaribia: angalia ni akaunti ngapi zilikuwa zimeuliza kuhusu Stoo au kuifanyia majaribio kabla ya Machi. Mimi, nikikuta zaidi ya nusu yao, ninaifunga ofa.

Dalili za tatizo hili zinaonekana hata kabla ya kufanya uchambuzi. Ukiona kiwango cha nyongeza moja kinapanda huku kina cha nyingine kikishuka ndani ya miezi miwili mitatu, na hasa kama kushuka huko kumejikusanya kwenye akaunti zilezile zilizonunua, usitafute sababu mbali.

Hatua ya saba: tumia kigawanyo cha wanaostahili

Kampuni yetu haiuzii wenye maduka peke yao. Kati ya akaunti 600 za Juni, 180 ni za huduma: saluni, vioski vya fotokopi, mafundi simu. Hawa hawana mzigo wa kufuatilia na hawatanunua Stoo hata ikishushwa bei. Wanaoweza kuinunua ni 420, na 150 kati yao tayari wanayo, yaani karibu asilimia 36. Waliobaki wa kuuziwa ni 270, si 450. Timu ya mauzo iliyopangiwa lengo la asilimia 50 ya akaunti zote imeambiwa bila kujua iuze kwa akaunti 300, yaani zaidi ya asilimia 71 ya wanaostahili.

Kwa wastani wa mapato endelea kutumia akaunti zote 600 kama kigawanyo, kwa sababu wote wanalipa. Kwa kupanga mauzo tumia 420. Andika vyote viwili kwenye ripoti, kila kimoja na jina lake, kwa kuwa kiwango kinachobadilisha kigawanyo kati ya kikao na kikao hakimsaidii mtu.

Watumiaji wa ziada wana kigawanyo kigumu zaidi, kwa maana anayestahili ni mwenye wafanyakazi zaidi ya wawili, na hilo halimo kwenye ankara. Njia ya vitendo ni kuangalia jina moja la kuingilia likitumika kwenye vifaa viwili au vitatu kwa saa zilezile. Duka ambalo "Asha" anauza kaunta na "Asha" huyohuyo anapokea mzigo nyuma kwa dakika ileile lina watu wawili wanaogawana nenosiri moja. Tatizo hili halina mipaka ya nchi: Netflix ilianza kujaribu malipo ya mwanachama wa ziada mwaka 2022 huko Chile, Kosta Rika na Peru, na Mei 2023 ikayapeleka Marekani kwa dola 7.99 kwa mwezi, ikiwalenga watu waliokuwa wakitumia akaunti ya mtu wa nyumba nyingine. Ilikuwa njia ya kugeuza nenosiri la kuazimana kuwa nyongeza inayolipiwa.

Kwa duka, hata hivyo, kumzuia mtu kwa nguvu si njia ya kwanza ambayo ningeichukua. Mwenye duka ana sababu yake mwenyewe ya kutaka kila muuzaji awe na jina lake, nayo ni upotevu wa fedha kwenye droo. Programu ikifunga hesabu ya kila zamu kwa jina la aliyeuza, na ikionyesha kwamba zamu ya jioni imepungukiwa na shilingi 6,500, mwenye duka ataona mwenyewe kwamba nenosiri la kugawana linamnyima jibu la nani aulizwe. Shilingi 8,000 kwa mwezi kwa jibu hilo ni bei anayoielewa. Nyongeza ya mtumiaji inayouzwa kama ruhusa ya kuingia hukwepwa. Inayouzwa kama uwajibikaji wa fedha hudumu.

Hatua ya nane: pima uamuzi wa bei kabla ya kuutangaza

Kiwango kikipanda, mtu atapendekeza Stoo iingizwe kwenye msingi na bei ipandishwe. Fomula inakupa mahali pa kuanzia: Stoo inachangia 3,750 kwa kila akaunti, kwa hiyo msingi wa 43,750 ungeleta fedha zilezile kama hakuna atakayeondoka. Tuseme bei mpya ni 44,000. Akaunti 150 zenye Stoo zitalipa pungufu ya 11,000 kila moja, hasara ya 1,650,000. Akaunti 450 nyingine zitalipa zaidi kwa 4,000, faida ya 1,800,000. Kilichobaki ni 150,000 kwa mwezi. Akaunti nne tu zikiondoka kwa sababu ya bei, faida hiyo imekwisha, kwa kuwa kila moja inachukua angalau 44,000. Na kumbuka kwamba 180 kati ya wanaopandishiwa ni saluni na mafundi wasio na stoo. Kwa takwimu hizi mimi ningeacha Stoo ibaki nyongeza, au ningetengeneza kifurushi cha pili kwa ajili ya maduka pekee, na msingi wa huduma ningeuacha pale ulipo.

Ofa ya Machi inarekebishika kwa sharti moja: mtumiaji wa bure atolewe tu pale ambapo idadi ya watumiaji wa kulipia haijapungua. Kiufundi, akaunti iliyokuwa na watumiaji wa ziada wawili na ikanunua Stoo inapata wa tatu bure; ikipunguza wa kulipia hadi mmoja, wa bure naye anafungwa. Waliokwisha kubadilisha waachwe kama walivyo, kwa sababu kumrudishia mteja malipo aliyoambiwa yameondoka kunakupotezea 40,000 za msingi kwa kuifukuzia 8,000.

Sharti jipya likianza Julai 1, usilipime kwa ankara za Julai. Bado zina wanunuzi walioahidiwa ofa ya zamani Juni, na wengine watakuwa kwenye majaribio yasiyolipiwa. Anza na waliolipia Stoo kwa mara ya kwanza mwezi Agosti, subiri wafikishe siku 90, kisha Novemba hesabu mambo mawili kwa hao peke yao: wangapi kati yao bado wanailipia, na wana watumiaji wa kulipia wangapi ukilinganisha na mwezi uliotangulia ununuzi wao.